Kinu kimekula hasara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu barua ya robo mwaka kwa mwanahisa asiye kazini

Ninashika vitabu vya hesabu vya kampuni ndogo hapa Lubumbashi. Kila robo mwaka ikiisha vibaya, simu inalia: "Nimwandikie nini yule mwenye hisa?" Anayezungumziwa ni mtu aliyetia fedha lakini hayuko kazini. Haoni ghala wala daftari la kasa. Pengine yuko Kolwezi, pengine Ubelgiji, pengine ni jirani wa mtaa wa pili anayepita mbele ya geti bila kuingia.

Majibu yote ya hapa yanafuata kampuni moja ya mfano, kinu cha unga wa mahindi. Sikuchukua kinu cha mtu fulani. Nimekiunda mwenyewe na kurahisisha tarakimu zake ili ziweze kufuatwa bila kalamu.

Je, sheria inanilazimisha kuandika kila robo mwaka?

Hapana. Kongo iko ndani ya OHADA, sheria za biashara zinazoshirikiwa na nchi kadhaa za Afrika, tangu 2012, na kwa SARL, yaani kampuni ambayo wajibu wa washirika una kikomo, sheria hizo zinadai hesabu za mwaka na mkutano mkuu ndani ya miezi sita baada ya mwaka kufungwa, yaani kabla ya Juni kuisha kwa anayefunga Desemba 31. Barua ya robo mwaka ni mapatano kati yenu. Angalia katiba ya kampuni au karatasi mliyosaini siku alipotia fedha.

Lakini mwanahisa naye ana meno. Mshirika asiye msimamizi anaweza, mara mbili kwa mwaka wa hesabu, kukuuliza kwa maandishi juu ya jambo lolote linaloweza kuhatarisha maisha ya kampuni, na wewe una siku 15 za kujibu kwa maandishi. Mwenye angalau sehemu moja ya kumi ya mtaji anaweza hata kuomba mahakama imteue mtaalamu achunguze uamuzi fulani wa usimamizi. Nimeona watu wakifika huko, na karibu kila mara kilichowafikisha ni miezi sita ya kimya. Hasara yenyewe wangeivumilia.

Kampuni ya mfano ikoje?

Ni SARL yenye mtaji sawa na dola 200,000. Msimamizi ana 70 kwa mia, mwanahisa wa nje ana 30 kwa mia, yaani alitia dola 60,000. Kinu kinauza unga katika mifuko ya kilo 25 kwa depo za mitaa ya Katuba, Kenya na Ruashi hapa mjini. Kikizunguka siku nzima kinatoa mifuko 240, na robo ya Januari hadi Machi ina siku 75 za kazi. Kwa hiyo mpango ulikuwa mifuko 18,000.

Katika mahindi haya, kilo 100 zinatoa kilo 80 za unga, kwa hiyo mfuko mmoja unakula kilo 31 na robo ya mahindi. Pumba zinauzwa kwa wafugaji wa kuku na nguruwe, na fedha yake inalipia mifuko mitupu na uzi, ndiyo maana sizitaji tena.

Mpango ulisema hivi: mfuko uuzwe dola 15, mahindi ya mfuko yagharimu dola 10, zibaki 5. Mara 18,000, ni 90,000. Umeme na mazuti 18,000. Mishahara, pango, usafirishaji na kodi ndogondogo 42,000. Faida 30,000.

Kilichotokea: mifuko 12,600. Bei ilipanda hadi dola 17, lakini mahindi ya mfuko yakafika dola 13, zikabaki 4. Hiyo ni 50,400. Umeme na mazuti vilikula 23,000, gharama nyingine 43,400. Hasara ni dola 16,000, kabla ya kuhesabu uchakavu wa mashine.

Barua ianze na nini?

Ianze na hasara. Sentensi ya kwanza baada ya salamu. Najua adabu yetu ni kuulizana kwanza habari za nyumbani, na hiyo iache ibaki, mstari mmoja. Baada ya hapo usizunguke. Msomaji akikuta aya tatu juu ya ukarabati wa paa na mteja mpya kabla ya tarakimu, ameshajua kuna kitu, na kila utakachosema baadaye atakisoma kwa jicho la upande mmoja.

Kwa kinu chetu ningeandika:

"Papa, salamu kwako na kwa nyumba yote. Robo ya kwanza tumepata hasara ya dola 16,000, wakati nilikuahidi faida ya 30,000. Machi 31 kasani kulikuwa na dola 9,000. Fedha hiyo peke yake inabeba gharama za kudumu kwa siku 18 hivi. Sehemu kubwa ya hasara inatokana na uamuzi wangu wa Juni mwaka jana, na naueleza hapa chini. Aprili hatutasaga mahindi yetu wenyewe. Sababu na hesabu zinafuata."

Akiishia hapo asisome zaidi, anajua yote ya lazima: tumepoteza kiasi gani, tumebaki na nini, nani alikosea, nini kinabadilika.

Pengo kati ya ahadi na matokeo nilieleze vipi?

Ligawe, na vipande vijumlike. Kutoka faida ya 30,000 hadi hasara ya 16,000 kuna pengo la 46,000. Watu wengi huandika "kwa sababu ya kupanda kwa mahindi, delestaji ya umeme na hali ngumu ya soko" na kupiga nukta. Sentensi hiyo haina uongo hata mmoja ndani yake, na haimwambii mtu kitu.

Anza na mifuko ambayo haikusagwa: 5,400. Kila mmoja ungeacha dola 5 kwa mpango, hivyo 27,000 zimepotea hapo. Kisha mifuko 12,600 iliyouzwa iliacha dola 4 badala ya 5: 12,600 nyingine. Nishati ilizidi kwa 5,000 na gharama nyingine kwa 1,400. Jumlisha, utapata 46,000 kamili. Zikikataa kujumlika, bado hujaelewa robo yako. Rudi kwenye daftari kabla ya kutuma.

Sasa rudi kwenye kile kipande kikubwa. Mifuko 5,400 ni kazi ya siku 22 na nusu. Kinu kilisimama kwa nini? Hapa ndipo daftari la mlinzi lina thamani kuliko kompyuta ya ofisini. Kila siku liandikwe: saa mashine ilipowaka, saa ilipozima, na neno moja la sababu. Kwa mfano wetu daftari linasema umeme ulisimamisha kinu siku 8, na ukosefu wa mahindi siku 14 na nusu.

Kwa dola, umeme ulichukua 9,600 na ghala tupu likachukua 17,400. Msimamizi aliyekuwa akilalamika robo nzima juu ya SNEL, shirika la umeme, anakuta kwamba sababu ya kwanza ilikuwa ghalani kwake. Mazuti nayo yana hadithi yake ndogo: jenereta ya kinu hiki inabeba mashine moja tu kati ya mbili, ndiyo maana siku ya delestaji gharama inapanda huku mifuko ikipungua. Mpango ulikuwa mazuti ya dola 6,000, zikatumika 15,000. Bili ya umeme ilishuka kutoka 12,000 hadi 8,000, na huo si ushindi, ni umeme ambao haukuja.

Lakini mahindi yalipanda kweli. Kwa nini nijilaumu?

Yalipanda, ndiyo. Yanapanda karibu kila mwaka msimu huo. Mavuno ya Katanga na ya Zambia yanaingia kati ya Aprili na Juni, bei inashuka, halafu inaanza kupanda mwaka unavyoelekea mwisho, na Januari hadi Machi ndiyo miezi ya njaa ya mahindi. Kila mama anayepika bukari mjini hapa anaijua kalenda hiyo bila kuandikiwa.

Kuna miaka ambayo mambo yanavuka kalenda. Mwaka 2024 ukame uliipiga Zambia hadi serikali yake ikatangaza janga la taifa, na mahindi yake yakazuiwa kuuzwa nje ya nchi. Mji unaotegemea malori ya mpaka wa Kasumbalesa uliumia. Kama robo yako iliangukia katika mwaka wa namna ile, sema hivyo, na useme mpaka ulifungwa kuanzia lini. Mwaka wa kawaida usiuite janga.

Katika mfano wetu mwaka ulikuwa wa kawaida. Mpango uliopelekwa kwa mwanahisa ulisema kinu kitanunua tani 600 kati ya Juni na Agosti, ili robo ya Januari isagwe kwa mahindi ya dola 320 kwa tani. Zilinunuliwa tani 250. Januari ilipofika zilikuwa zimebaki 150. Mahindi mengine, karibu tani 244, yakanunuliwa kidogo kidogo kwa dola 475. Ukichanganya unapata wastani wa 416, na ndiyo hizo dola 13 za kila mfuko.

Kwa nini tani 250 tu? Kwa sababu Mei na Juni msimamizi alifungulia depo mkopo ili auze haraka kuliko jirani zake. Unga ukaenda, sifa ikaja, fedha ikabaki Katuba. Bei ya mahindi iliposhuka, kasa haikuwa na kitu. Hii ndiyo aya ambayo mwanahisa anaisubiri, na ndiyo inayoumiza kuandika: "Juni nilichagua kuuza kwa mkopo badala ya kujaza ghala. Nilidhani depo zitalipa kwa siku 30. Hazikulipa, nami sikusimamisha mkopo hadi Februari."

Kuna kipimo rahisi cha kujua kama umeandika ukweli. Futa kila sababu iliyotoka nje ya geti lako: mpaka, mvua, SNEL, faranga. Kama barua inabaki tupu, bado hujaandika sehemu yako.

Si ningesema tu kwamba tutauza zaidi robo ijayo?

Piga hesabu kwanza. Robo hii kila mfuko uliacha dola 4, na nishati ikachukua karibu dola 1 na senti 83. Zinabaki dola 2 na senti 17 za kulipia gharama za kudumu, ambazo ni karibu 14,500 kwa mwezi. Ungehitaji mifuko kama 6,650 kwa mwezi ili usipate wala usikose. Kinu kikizunguka kila siku bila kusimama kinatoa 6,000. Yaani kwa mahindi ya bei ile na nishati ya namna ile, hata mwezi usio na doa ungeleta hasara. Ahadi ya "kuuza zaidi" ingekuwa ahadi ya kupoteza kwa bidii.

Hasara ni 16,000, mbona fedha inaisha kama maji ya mvua?

Swali hili mwanahisa huwa analiuliza kwa simu, usiku. Jibu liwe tayari katika barua.

Januari 1 kasa ilikuwa na 34,000 na Machi 31 ina 9,000. Zimeondoka 25,000. Lakini ghala nalo lilikuwa na mahindi ya 48,000 na sasa lina ya 5,000. Kwa maneno mengine tumegeuza mahindi ya 43,000 kuwa fedha, na bado kasa imeshuka. Wapi? Hasara 16,000. Madeni ya depo yaliongezeka kutoka 14,000 hadi 38,000, hizo ni 24,000. Benki ilirudishiwa 9,000. Wauza mahindi tuliokuwa tukidaiwa nao walilipwa 19,000. Jumla iliyotoka ni 68,000. Ondoa 43,000 za mahindi, zinabaki 25,000.

Maelezo haya yana upande mzuri na upande mbaya, na yote mawili yaandikwe. Kulipa benki na wauzaji si kupoteza: kampuni inadaiwa kidogo zaidi kuliko Januari. Lakini ghala tupu maana yake ni kwamba robo ijayo haina mto wa kulalia. Msimamizi anayeonyesha kasa peke yake anaficha ghala, hata kama hakukusudia.

Katika zile 38,000 za depo, gawa kwa umri wa deni. Za mfano wetu, 21,000 zimepita siku 60. Usiandike "zinakusanywa". Andika ni depo ngapi, ya mwisho ilileta fedha lini, na kama kuna mmoja aliyefunga mlango na kuhama mtaa, toa deni lake kwenye hesabu, uliite hasara.

Niandike kwa dola au kwa faranga?

Kwa fedha ile aliyotia, na kwa kawaida hiyo ni dola. Lakini taja kiwango ulichotumia na cha siku gani, kwa sababu unga wa rejareja unauzwa kwa faranga na mahindi yananunuliwa kwa dola. Mwaka 2025 faranga, iliyokuwa karibu 2,800 kwa dola, ilipanda thamani kwa wiki chache tu, na hesabu nyingi zikaonekana nzuri au mbaya bila mfuko hata mmoja kuongezeka. Kama faida au hasara imetoka kwenye kiwango, iwekee mstari wake peke yake.

Mpango mzuri unaonekanaje kwenye karatasi?

Una tarehe, una kiasi, na una mstari unaosema "tukishindwa hapa, tutafanya hivi". Ninauandika kwa urefu kwa sababu hapa ndipo barua nyingi zinapolegea.

Aprili mahindi bado ni ghali. Kinu chetu cha mfano kinaacha kununua. Mashine zinafanya kazi ya kusagia watu wengine, wafanyabiashara na wakulima wanaoleta mahindi yao, kwa dola 80 kwa tani. Ukitoa umeme, mafuta na uchakavu wa vifaa vya kusagia zinabaki kama 40. Tani 100 zinatoa 4,000. Hiyo haifiki hata theluthi ya gharama za mwezi, na barua iseme hivyo. Kazi yake ni kupunguza damu inayotoka.

Fedha kubwa ya Aprili inatoka kwa depo. Hakuna mkopo mpya unaozidi siku 7. Zile 17,000 ambazo hazijachelewa zinategemewa mwezi huo. Zile 21,000 za zamani zimepangiwa 1,500 kwa wiki, yaani 6,000 Aprili na 6,000 Mei. Zinazobaki, 9,000, mpango hauzihesabu kabisa. Nikipata ni ziada.

Weka pamoja: kasa 9,000, depo 17,000 na 6,000, kusagia wengine 4,000. Ni 36,000. Toa gharama za mwezi 14,500 na malipo ya benki 3,000. Mei 1 kinu kinabaki na 18,500.

Mei mahindi mapya yanaingia. Tuseme dola 300 kwa tani na mfuko wa unga unashuka hadi dola 14. Mahindi ya mfuko ni karibu 9 na senti 40, nishati dola 1 na senti 30, zinabaki 3 na senti 30. Sasa mifuko 4,400 kwa mwezi inatosha kufidia gharama. Mifuko hiyo inakula karibu tani 138. Fedha ya 18,500 inanunua tani 61 tu. Kwa hiyo fedha ile ile lazima izunguke mara mbili na kidogo ndani ya mwezi, yaani kila siku 13: siku tano au sita za kununua, kusafirisha na kusaga, na siku 7 za depo kulipa.

Ona sasa kwa nini siku 7 za mkopo ndizo mfupa wa mpango wote. Depo zikirudi kwenye siku 30, fedha itazunguka mara moja kwa mwezi au chini ya hapo, kinu kitasaga mifuko isiyofika 2,000, na hasara itarudi hata kama mahindi ni ya bure nusu. Mwanahisa akielewa mstari huu mmoja, atajua aulize nini kila Jumatatu.

Kisha kizuizi: "Aprili 30 kasa ikiwa chini ya 12,000, nitabaki na zamu moja, na nitakuita tukae kabla ya Mei 10." Kiasi hicho kichaguliwe leo ukiwa umetulia. Siku yenyewe ikifika utapata sababu mia za kusubiri wiki moja zaidi.

Nitaje mshahara wangu?

Ndiyo. Uko ndani ya zile 43,400, naye anajua. Kama umeupunguza sema umeupunguza hadi kiasi gani kuanzia mwezi gani, na kama hukuupunguza sema hivyo pia.

Nimwombe fedha katika barua hiyo hiyo?

Bora zitenganishwe kwa wiki mbili au tatu. Habari mbaya na mkono ulionyoshwa vikija pamoja, habari inageuka kuwa utangulizi wa ombi. Ila kama unajua kwamba utaomba, liandike kwa sentensi moja ili asije kuona amewekewa mtego.

Ombi lenyewe lina njia mbili zenye matokeo tofauti. Anaweza kuikopesha kampuni kama mshirika, deni likaandikwa kwa jina lake na hisa zikabaki 70 na 30. Au mnaongeza mtaji, na asiyetia fedha anapungua sehemu. Kuongeza mtaji kwa fedha mpya kunabadilisha katiba, na katika SARL hilo linahitaji kura za robo tatu ya mtaji. Msimamizi mwenye 70 kwa mia hafiki. Mwenye 30 anaweza kusema hapana, na barua isiandikwe kana kwamba jambo limekwisha kuamuliwa.

Je, kuna hasara ambayo sheria inanilazimisha kuitangaza?

Ipo. Hesabu za mwaka zikionyesha kwamba mali halisi ya washirika, yaani mali inayobaki ukitoa madeni, imeshuka chini ya nusu ya mtaji, washirika lazima waulizwe ndani ya miezi minne baada ya hesabu hizo kupitishwa: kampuni ivunjwe au iendelee? Ikiendelea, ina miaka miwili baada ya mwaka ule wa kufunga hesabu kurudisha kiwango hicho.

Kinu chetu kilifunga Desemba kikiwa na mali halisi ya 118,000. Toa hasara ya 16,000 na uchakavu wa 5,000, zinabaki 97,000. Nusu ya mtaji ni 100,000. Sheria inaangalia mwisho wa mwaka, kwa hiyo leo hakuna wajibu uliokwisha kuwaka. Lakini mwanahisa aambiwe sasa kwamba mstari umevukwa na 3,000, na kwamba mpango unalenga kuurudia kabla ya Desemba. Akilijua mara ya kwanza kwenye mkutano mkuu mwaka ujao, hataamini kwamba wewe hukulijua.

Naweza kutuma sauti ya WhatsApp? Papa hapendi kusoma.

Tuma sauti, lakini baada ya karatasi, na isome karatasi ile ile. Sauti ina mlango wa kutorokea: unasikia mwenyewe unavyosema "lakini si mbaya sana", na tarakimu inapita bila kushikwa. Na usimtumie mdogo wako au mke wako apeleke habari kwa kuwa mnaheshimiana. Heshima kwa mkubwa haipungui ukimwambia dola 16,000. Inapungua akizisikia sokoni.

Akijibu kwa hasira, mwache amalize. Jibu swali lililo ndani ya hasira, kwa kawaida lipo moja tu.

Barua ya robo ya pili ianzie wapi?

Ianzie kwenye ya kwanza. Nakili ahadi zake neno kwa neno, na kando ya kila moja andika kilichotokea: kasa ya Aprili 30, fedha za zamani zilizoingia hadi Mei 31, wastani wa siku depo zilizotumia kulipa, tani zilizonunuliwa kabla ya Agosti. Mstari ambao hukuutimiza usiufute wala usiubadilishe maneno. Kisha, baada ya hapo, hasara au faida ya robo mpya.

Na daftari la mlinzi endelea nalo. Robo iliyopita nilikuta ukurasa wa mteja wangu mmoja umeandikwa "umeme" siku sita mfululizo, wakati bili ya SNEL inaonyesha mashine zilikuwa zikivuta umeme siku zote hizo. Mlinzi alikuwa anaandika neno lile lile kila asubuhi kwa mazoea. Siku hizi anaandika pia namba ya mita.